Una koki moja tu ya maji baridi? Hizi ndo mashine za kufulia za kununua, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho

Watu wengi wakiona mashine ina mdomo mmoja tu wa kuingizia maji, na huo mmoja ni wa baridi, wanadhani wataishi kufua kwa maji baridi. Sio hivyo. Mashine nyingi za mlango wa mbele sa hivi ndo zinatengenezwa hivyo makusudi, zinavuta maji baridi afu zinayapasha zenyewe ndani. Shida inakuja pale unaponunua mashine ambayo haina hita ukidhani inayo, maana kwa nje huwezi kujua, vitufe vinafanana.

Kwa hiyo kabla ya mpangilio wenyewe, hii ndo hatua ya kwanza ukifika dukani: usisome vitufe, nenda nyuma ya mashine utafute kile kibandiko chenye volti na wati. Kikisoma kama 2000W, humo ndani kuna hita. Kikisoma 300W, 400W, 500W, hiyo ni mota na pampu tu, hakuna cha kupasha maji hata kama mbele pameandikwa Hot kwa herufi kubwa namna gani. Muuzaji akikwambia "inapasha yenyewe boss" mwambie akuoneshe hiyo namba.

Ya kwanza: mlango wa mbele, yenye hita

Kwa mtu wa koki moja hii ndo naipa nafasi ya juu bila kufikiria mara mbili. Hita yake ni koili ya chuma iliyolala chini kabisa, kati ya tanki la nje na dramu inayozunguka, na pembeni yake kuna sensa inayopima joto. Maji yakishaingia na kuifunika koili ndo inawaka, dramu inageuka taratibu ili joto lisambae, sensa ikisema imetosha koili inazima. Na inapasha maji ya kufulia tu, ya kusuuzia yanabaki baridi kama yalivyotoka kwenye koki, kwa hiyo usishangae nguo kutoka zimepoa kwenye programu ya 60.

Tuchukue mfano tuone inavyokuwa. Tuseme mashine imevuta lita 15 za kufulia na maji ya kwenye koki yana nyuzi 20. Kuyafikisha 60 unahitaji karibu yuniti 0.7 za umeme, na hita ya wati 2000 itachukua kama dakika 21, ukijumlisha nguo zenyewe na chuma cha dramu ambavyo navyo vinakunywa joto, weka nusu saa. Ukiishia 40 ni nusu ya hapo, yuniti 0.35 na dakika kumi na kidogo. Ukiishia 30 ni dakika tano hivi.

Ukishaelewa hizo dakika, programu zinajichagua zenyewe. Cotton 60 inafaa vizuri kabisa, mashuka, taulo, nguo za ndani, maana ni programu ndefu na ina muda wa kupasha na muda wa kufua baada ya kupasha. Cotton 40 ndo ya kila siku. Na kuna faida ya kuanza na baridi ambayo wengi hawaijui: damu, maziwa na yai vikikutana na maji ya moto ghafla vinaganda kwenye kitambaa, ila maji yakipanda joto polepole vimeng'enya vya kwenye sabuni vinapata muda wa kuvila kwanza.

Eco 40-60 watu wanailalamikia kwamba inakaa saa tatu na zaidi. Inakaa hivyo kwa sababu inapunguza joto na kuongeza muda, maana umeme mwingi wa mashine unaliwa na hita, sio na mota kuzungusha nguo. Kama huna haraka itumie, ila usiitegemee kuua vijidudu, maji yake mara nyingi hayafiki hiyo 60.

Programu ambayo mi siikubali kwa nguo chafu kweli ni ile ya dakika 15. Piga hesabu mwenyewe, kuna kujaza, kufua, kumwaga, kusuuza na kukamua, hapo hita inapata dakika ngapi? Ni ya nguo chache ulizovaa mara moja, zina jasho tu. Ya dakika 30 kwa nyuzi 30 angalau inaeleweka.

Hasara yake ni umeme. Wati 2000 kwa volti 230 ni karibu ampia 9, usiichomeke kwenye ekstensheni nyembamba ile ya kuchajia simu, utakuta plagi imelainika. Na kama unatumia jenereta ndogo, chagua mashine yenye kitufe cha Cold au 20, hapo unabaki na mota tu.

Siku ya kwanza jaribu hivi: weka Cotton 60, baada ya dakika 40 shika kioo cha mlango. Kinatakiwa kiwe na joto la kukufanya utoe mkono mapema. Kikiwa baridi hita haifanyi kazi, irudishe ikiwa na warantii.

Ya pili: ya kufungulia juu, yenye hita

Zipo, ila ni chache, na ndo hizi za kuhakikisha kibandiko zaidi. Zile za mtindo wa pangaboi chini zinatumia maji mengi sana kuliko za mlango wa mbele, kwa hiyo hita ileile inachukua muda mrefu zaidi. Inunue kama mgongo hauruhusu kuinama.

Ya tatu: ya matanki mawili, ya kujaza kwa mkono

Mtaniona mshamba kuiweka juu ya otomatiki, lakini hii unaweza kuimiminia ndoo ya maji ya moto uliyochemsha mwenyewe, otomatiki isiyo na hita huwezi kuipangia hivyo kirahisi. Usimwage maji yaliyotoka kuchemka moja kwa moja, tanki ni plastiki, changanya kwanza hadi mkono uvumilie.

Ya mwisho: ya kufungulia juu, midomo miwili, bila hita

Hii niliinunua mimi. Ina mdomo wa moto na wa baridi, fundi akaja akaona koki ni moja, akafunga kiungio cha Y, mipira yote miwili ikachukua baridi. Kwa hilo hakukosea, maana ukiacha mdomo wa moto mkavu afu ukachagua Hot, mashine inasubiri maji yasiyokuja hadi inatoa error. Nikafua mashuka kwa Hot miezi sita. Siku moja nikafungua mfuniko katikati nikatumbukiza mkono, maji baridi kama ya mtungini, nikazunguka nyuma kusoma kibandiko: 430W.

Kama unayo tayari, programu za Hot na Warm zisahau. Tumia ya kawaida na ile ya kuloweka, sabuni ya maji badala ya unga, maana unga kwenye baridi hauyeyuki wote na unakuachia michirizi myeupe kwenye nguo nyeusi. Madoa ya mafuta yasugulie sabuni kabla hujaziingiza.