Uzoefu wangu na plagini ya kupanga vichwa vya makala: inakionea Kiswahili

Nina tovuti ndogo ya WordPress ya wageni wanaokuja Lamu: boti, malazi, nyakati za kujaa na kupwa kwa maji. Niliweka plagini ya kulipia kwa mwaka inayoahidi mambo mawili: kupanga herufi kubwa kwenye vichwa vya makala, na kukuonyesha kichwa kitakavyokaa kwenye matokeo ya Google. Jina lake nitalihifadhi. Kazi ya pili inaifanya vizuri. Ya kwanza, kwa Kiswahili, ni balaa.

Chukua kichwa hiki, maana ndicho watu wengi hutafuta. Uwanja wa ndege wa Lamu uko kisiwa cha Manda, kwa hiyo kila anayetua lazima avuke kwa boti:

Kufika Lamu kwa ndege: bei ya boti kutoka ng'ambo ya Manda

Plagini ikakirudisha hivi:

Kufika Lamu Kwa Ndege: Bei Ya Boti Kutoka Ng'Ambo Ya Manda

Binamu yangu aliyekiona kwenye simu aliniuliza, "Huko Ambo ni wapi, bwana?" Ana haki. Kosa linatokana na msimbo wa aina hii, ambao watengenezaji wengi hunakili bila kufikiri:

```
s.replace(/\b\w/g, c => c.toUpperCase())
```

Hiyo `\b` ni mpaka wa neno, na kwa msimbo huu ritifaa si sehemu ya neno. Basi ng'ambo inahesabiwa kuwa maneno mawili, na herufi inayofuata ritifaa inapandishwa. Ng'ombe, ng'ang'ania, Murang'a, yote yataharibika vivyo hivyo. Ukitaka kujua plagini yako ina ugonjwa huu, iandikie neno ng'ombe peke yake uone inarudisha nini.

La "Kwa" na "Ya" lina sababu nyingine. Plagini ina orodha ya maneno madogo ambayo haitayakuza, lakini yote ni ya Kiingereza: of, the, in, and. Hakuna ya, wa, la, kwa wala na. Sisi hata kwenye majina rasmi huyaacha madogo: Wizara ya Elimu, Makumbusho ya Taifa. Na kichwa kikikuzwa kila neno, Lamu na Manda hazionekani tena kuwa majina ya mahali. Msomaji anayepitisha macho haraka huyatafuta hayo kwanza.

Sehemu ya kuonyesha matokeo ndiyo iliyonifanya nisiifute. Inapima upana kwa pikseli, haihesabu herufi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Google haiweki kikomo cha urefu wa kichwa. Hukikata kulingana na nafasi ya kioo. Kwa kompyuta, vipimo vingi hukadiria pikseli 600 kwa maandishi ya Arial ya ukubwa wa 20. Kichwa changu cha kawaida kina kama 555. Kikikuzwa kila neno kinafika 582. Nikikiandika chote kwa herufi kubwa, kama wapendavyo wenzangu wengi wa Pwani, kinafika 685, na "YA MANDA" inamezwa na zile nukta tatu. Maneno ni yaleyale. Kiswahili kimejaa a, k na w, na w ndogo ina pikseli 14 hivi huku W ikila karibu 19.

Plagini pia ilibandika jina la tovuti mwishoni mwa kila kichwa. Tangu 2022 Google ilianza kuonyesha jina la tovuti juu ya kichwa, kwa hiyo mkia huo unakula nafasi bure. Nimeuondoa.

Jambo moja limejificha. Plagini hubadilisha `<title>` tu na kuacha kichwa kinachosomwa juu ya makala yenyewe, yaani `<h1>` ilivyo. Google inaweza kuchukua kichwa cha matokeo kutoka `<h1>` au sehemu nyingine; mwaka 2021 wenyewe walisema hutumia `<title>` takriban 87% ya wakati. Kwa hiyo makala yangu mengine yalitokea na "Ng'Ambo" na mengine na "ng'ambo", ungedhani tovuti ina waandishi wawili wasiosemezana. Sasa naandika vyote viwili sawa, kisha naomba ukurasa usomwe upya kwa URL Inspection ndani ya Search Console, chombo cha Google cha wenye tovuti. Hata hivyo mabadiliko huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki.

Kuhusu alama za mshangao tatu tatu, plagini haisemi kitu, nami sina ugomvi nazo sana. Ila nafasi kabla ya kiulizi, "bei gani ?", iondoeni: kwenye simu kiulizi huweza kuanguka mstari wa pili peke yake.

Nyota mbili kati ya tano, zote za kipimo cha pikseli. Swichi ya herufi kubwa nimeizima. Watengenezaji nimewaandikia kuhusu ritifaa. Wakanijibu kwamba lugha yangu "haijaongezwa bado".