Teksi, treni, basi au gari lako: ipi ikufikishe uwanja wa ndege?

Watu wengi huanza kwa kulinganisha nauli. Anza na saa ambayo kaunta ya mizigo inafungwa. Safari nyingi za kimataifa hufunga dakika 60 kabla ya ndege kuruka, nyingine 45, na saa yako kamili imo kwenye masharti ya tiketi. Kisha jiulize: usafiri huu ukikwama, unaofuata utanifikisha kabla kaunta haijafungwa?

Chukua ndege ya saa 1:30 asubuhi, kaunta inafungwa saa 12:30. Ukijipa dakika 45 za foleni, uwe kaunta saa 11:45 alfajiri. Tuseme treni ya kwanza inaondoka saa 11:00 na kutembea dakika 35, na kutoka stesheni hadi kaunta ni dakika 15 ukiwa na begi. Unafika saa 11:50, umechelewa kidogo tu. Lakini treni hiyo ikifutwa, ya 11:30 inakufikisha saa 12:20, dakika 10 kabla ya kufungiwa, na foleni iko mbele yako. Hiyo si safari ya treni. Ndege hiyohiyo ingekuwa ya saa 11 jioni, treni zikipita kila nusu saa huku barabara zimejaa, ningeipanda bila kufikiri mara mbili.

1. Treni, kwa ndege ya mchana au jioni na mtu mmoja au wawili. Haijui foleni ya magari, na hilo ndilo unalolipia. Udhaifu wake ni mizigo. Kabla ya kukata tiketi, angalia kama stesheni unayopandia ina lifti inayofanya kazi, na kama utabadilisha treni njiani. Begi la kilo 23 lina magurudumu, ila ngazi 40 hazijali magurudumu. Angalia pia treni inashukia jengo gani la abiria. Kwenye viwanja vikubwa, kuhama jengo kwaweza kula dakika 20.

2. Teksi, kwa alfajiri, familia na mizigo mizito. Alfajiri barabara ni nyeupe, na inakuchukua mlangoni. Weka oda usiku, lakini usilale ukiiamini. Kwenye programu nyingi, oda ya mapema ni ombi tu, na dereva hutafutwa dakika chache kabla ya muda. Kama dakika 15 baada ya muda hakuna gari lililothibitishwa, piga namba ya pili uliyoiandaa. Uliza pia habari ya buti. Gari dogo linalotumia gesi mara nyingi limebeba mtungi humo, na nafasi ya mabegi mawili makubwa inabaki ya moja. La pili linaishia kiti cha mbele, na abiria mmoja anakosa pa kukaa.

Kuhusu bei, pima kwa nauli ya basi. Tuseme treni ni nauli 3 na teksi ni 15. Ukiwa peke yako, treni ni moja ya tano ya teksi. Mkiwa wanne, treni ni 12 na teksi ni ileile 15, na hapo sioni sababu ya kuburuta mabegi.

3. Gari lako, kwa safari fupi tu. Kwa vipimo hivyohivyo, teksi ya kwenda na kurudi ni 30. Maegesho yakiwa 4 kwa siku na mafuta 2, siku 7 zinalingana na teksi, na ya 8 ni hasara. Maegesho mengi huhesabu saa 24 tangu tiketi ya getini: ukiingia Jumatatu saa 11 alfajiri na kutoka Jumatatu inayofuata saa 1 asubuhi, umelipa siku 8. Maegesho ya mbali ni nafuu, lakini ongeza dakika 30 za kusubiri basi dogo la kukupeleka jengoni. Piga picha ya namba ya safu uliyoegesha. Betri iliyokuwa ikisuasua kabla ya safari, ibadilishe kwanza. Siku kadhaa za kukaa zinaweza kuimaliza.

4. Basi, kwa mwenye begi moja na muda wa kutosha. Ndilo lenye nauli nafuu kuliko yote, lakini hukwama kwenye foleni ileile ya teksi, tena haliwezi kukata kona kupita njia ya pembeni. Kama halina njia yake maalumu, chukua muda wa ratiba uuzidishe mara mbili saa za msongamano. Basi maalumu la uwanja lina buti ya mizigo chini; la kawaida la mjini halina, na begi kubwa likikaa njiani, kondakta anaweza kukukatalia. Mizigo ikiwekwa chini, kaa upande wa mlango wa buti, uone begi la nani linashuka kila kituo.