Video ya kukariri Zaburi 119:105: uzoefu wangu na watoto wa kanisani Tukuyu

Nafundisha watoto kanisani huku Tukuyu, wilaya ya Rungwe. Darasa langu ni mchanganyiko: wa darasa la nne wanasoma bila shida, wa chekechea bado wanahangaika na silabi. Video ninayoizungumzia ilitumwa kwenye kundi letu la walimu, na inafundisha mstari mmoja tu: "Neno lako ni taa ya miguu yangu, na mwanga wa njia yangu." Ina urefu wa dakika sita na ushee. Nimeshaitumia vya kutosha, najua inapofaa na inapokwama.

Inaanza na sauti ya dada mmoja akisoma mstari mzima mara mbili, taratibu, na maandishi yanatokea neno kwa neno kadiri anavyotamka. Halafu anaukata vipande vinne: "Neno lako", "ni taa ya miguu yangu", "na mwanga", "wa njia yangu". Kila kipande anakisema, ananyamaza, watoto wanarudia. Vipande vinaunganishwa viwili viwili mpaka mstari unakamilika. Kuanzia dakika ya nne maneno yanaanza kutoweka. "Taa" na "mwanga" yanageuka vistari, kisha "miguu" na "njia", mwishowe inabaki "Neno lako" peke yake. Baada ya hapo skrini nyeusi, kimya cha sekunde kumi, ndipo mstari unarudi wote ili mtu ajisahihishe.

Kwa maoni yangu thamani yote ya video hii iko kwenye zile dakika mbili za mwisho. Nusu ya kwanza inadanganya. Maandishi yanabaki kwenye skrini hata wakati wa kunyamaza, kwa hiyo mtoto anayejua kusoma hakariri chochote, anasoma kwa sauti. Darasa linavuma vizuri na mwalimu unafurahi, lakini simamisha video hapo, geuza skrini ukutani, uone. Waliokuwa wanaongoza kwa sauti kubwa wanatoa macho. Wadogo wasiojua kusoma ndio mara nyingi wanaendelea, kwa sababu wao tangu mwanzo walitegemea masikio. Siku hizi nusu ya kwanza nawachezea mara moja tu, wausikie mstari na kuzoea matamshi, kisha naruka moja kwa moja hadi maneno yanapoanza kufutika.

Hapo napo kuna kasoro moja ambayo mtengenezaji angeirekebisha kirahisi. Mstari huu una pande mbili zinazofanana sana, na kosa kubwa la watoto ni kuzibadilisha: "Neno lako ni mwanga wa miguu yangu, na taa ya njia yangu." Kosa hili ni gumu kulinasa kwa sababu sarufi yake ni safi na masikioni linapita. Sasa video inafuta "taa" na "mwanga" kwa pamoja, yaani inamnyang'anya mtoto alama zote mbili pale pale anapochanganyikiwa. Ingefuta "mwanga" kwanza na kuiacha "taa" ibaki, mtoto angekuwa na pa kushikia, maana taa ikishakaa kwenye miguu, mwanga hauna pa kwenda ila njiani.

Nimeziba pengo hilo kwa mikono. Tukifika kwenye "taa ya miguu yangu" kila mtoto anainama na kugusa miguu yake. Kwenye "mwanga wa njia yangu" ananyoosha mkono mbele. Nawaambia wafikirie wanatoka kwa bibi usiku kupitia migombani: kwanza unamulika unapokanyaga usiteleze kwenye tope, halafu unainua tochi uone njia inakoelekea. (Wachungaji wanisamehe, hiyo siyo tafsiri ya andiko, ni kamba ya kumbukumbu tu.) Tangu tuanze kuinama, ule mgeuko wa taa na mwanga siusikii tena isipokuwa kwa watoto wageni.

Kuhusu vituo, vimepimwa kwa mtu mmoja. Dada anatumia kama sekunde tatu kusema "ni taa ya miguu yangu", kisha anatoa sekunde nne za kimya. Kwa mtoto aliye peke yake na simu ya mama, inatosha. Kwa darasa zima haitoshi, kwa sababu kundi linachelewa kuanza na linavuta maneno. Wanakuwa bado kwenye "miguu" wakati yeye ameshaingia "na mwanga", na wa nyuma wanaacha kukariri wanaanza kumkimbiza. Mwenzangu alipendekeza tupunguze kasi ya YouTube hadi 0.75. Kwa hesabu sekunde nne zinakuwa tano na kidogo, ila sauti inalegea kama mtu aliyeamshwa usingizini, na watoto walicheka mpaka somo likaharibika. Dawa ni kidole: simamisha mwenyewe, waache wamalize, endelea. Kile kimya kirefu cha mwisho usikiguse. Mwalimu mwenye haraka atashawishika kuwanong'oneza neno la kwanza. Avumilie, maana ndizo sekunde pekee ambazo mtoto analitafuta neno kichwani mwake bila msaada.

Maandishi ya taratibu nayapa alama za juu, na sababu ni ya huku kwetu. Mvua ya Tukuyu ikishuka kwenye bati, spika yoyote ndogo haisikiki. Siku kama hizo tunazima sauti na kufuata maandishi tu. Herufi ni kubwa, nyeupe juu ya rangi nzito, zinasomeka hata nikichagua ubora wa 360p ili bando lisiishe.

Kilichopuuzwa kabisa ni anwani ya mstari. "Zaburi ya mia moja na kumi na tisa, mstari wa mia moja na tano" inatajwa mwanzoni na mwishoni, haraka, bila kituo. Matokeo yake mtoto anaujua mstari lakini hajui ulipo, na kwa kweli zile namba ni ngumu kuliko maneno yenyewe. Kwa wakubwa nilifungua Biblia. Zaburi hii ina mistari 176, imepangwa katika mafungu ya mistari minane minane. Mafungu 13 yanafika mstari wa 104, kwa hiyo wa 105 ndio unaofungua fungu la 14. Walipozidisha wenyewe 13 mara 8 namba ikawakaa. Wadogo nimewaachia "Zaburi" tu kwa sasa.

Jumapili inayofuata usiirudie video tangu mwanzo. Mimi naanzia kwenye skrini nyeusi. Wanababaika, nusu wanapatia, nusu wanakwama kwenye "na...", kisha mstari unatokea na unawasikia wakisema "aaah!" Baada ya hapo nawajaribu kwa kuanzia katikati. Nasema "na mwanga" na kumnyooshea mtoto mmoja kidole amalizie. Ambaye hawezi mpaka arudi "Neno lako" anaimba wimbo wa yule dada, hata mapumziko yake ameyashika. Huyo nampa kipande cha mwisho peke yake, "wa njia yangu", kisha namwongezea cha nyuma yake, mpaka afike mwanzo.

Jambo la mwisho kwa anayetaka kuipakua: maneno ni ya tafsiri ya Union Version. Kama kwenu mnasoma Habari Njema, mstari huu umeandikwa tofauti, na mtoto atakuja na maneno mawili, ya video na ya nyumbani. Chagueni moja kabla ya kuwasha simu. Mimi naipa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano ningeitoa iwapo vituo vingeongezwa sekunde tatu na namba za mstari zikapewa kimya chao.