Mwongozo wa kununua: visi na kisanduku cha kuzuia mlango usipasuliwe kwa teke

Mlango unaofunguka ndani ukipigwa teke, serire mara nyingi hubaki nzima. Kinachopasuka ni mbao ya fremu, pale ulimi wa serire unapoingia. Kibati cha kiwandani kinachozunguka tundu hilo hushikwa na visi viwili vya sentimita 2 hivi, ambavyo haviifikii nguzo iliyo nyuma ya fremu.

Chaguo la kwanza kwetu ni kisanduku cha chuma pamoja na visi virefu. Ulimi huingia ndani ya chuma, na nguvu ya teke hubebwa na nguzo. Usipokipata dukani, fundi wa kuchomelea atakitengeneza: kibati cha milimita 3, urefu wa sentimita 20, matundu manne yaliyopishana, na kisanduku kilichochomelewa nyuma, chenye matundu mawili kwenye kitako. Matundu yakipangwa mstari mmoja, visi vyote vinaingia kwenye uzi uleule wa mbao na kuupasua.

La pili ni kibati kirefu bila kisanduku. La tatu, ukiwa na pesa kidogo, ni kubadilisha visi tu. Hata hilo linazidi kununua serire kubwa na kuifunga kwenye fremu ileile dhaifu.

Tuchukue nyumba ya mbao ya Goma. Fremu ina unene wa sentimita 3, nyuma yake kuna upenyo wa sentimita 1, kisha nguzo ya sentimita 7. Visi vya sentimita 8 vitaingia karibu sentimita 4 ndani ya nguzo. Hivyo vinatosha kwa kibati. Kwenye kitako cha kisanduku chenye kina cha sentimita 3, vya sentimita 6 vinafika vizuri. Jaza upenyo kwanza kwa vipande vya mbao. Ukikaza visi juu ya uwazi, fremu inavutwa kuelekea nguzo, nafasi kati yake na mlango inapanuka, na ulimi unashika kidogo kuliko mwanzo.

Nunua visi vya mbao vyenye unene wa milimita 5. Vile vyeusi vya plafo viache: ni vigumu lakini hukatika vikipigwa kwa ghafla. Toboa kwanza kwa milimita 3, hasa mbao ikiwa mkaratusi mkavu, la sivyo utaipasua wewe kabla ya mwizi.

Ukuta wa matofali, kama nyumba nyingi za Bukavu, unataka shevi za nailoni za milimita 10 na visi vyake. Toboa katikati ya tofali. Kwenye udongo wa maungio hazishiki.

Mwisho, paka chaki kwenye ncha ya ulimi, funga, zungusha ufunguo hadi mwisho. Alama ikitokea kwenye kitako cha kisanduku, ulimi unagota kabla ya kutoka wote, na kisanduku kinahitaji kina zaidi.