Xonotic yenye watu watatu mtandaoni: uzoefu wangu na boti wanaojaza nafasi

Nimecheza Xonotic, gemu ya kompyuta ya kupigana risasi, kwa miezi saba sasa, karibu kila Ijumaa na Jumamosi usiku, na ninaandika kwa ajili ya mtu anayejiuliza swali lililonisumbua mimi mwanzoni: gemu yenye wachezaji wachache hivi inachezeka kweli? Ukifungua orodha ya seva mapema jioni kwa saa zetu, utakuta seva nyingi hazina mtu hata mmoja. Watu waliopo wamejikusanya kwenye seva chache, nyingi zikiwa Ulaya. Mimi niko Morogoro, na pingi yangu huko, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, hukaa kwenye milisekunde 160 hadi 190.

Kabla ya kueleza kwa nini bado nipo, nieleze nilikotoka.

Mwaka jana nilikuwa nacheza gemu moja ya simu ya kupigana risasi, watano kwa watano. Sitaitaja jina. Ilikuwa mpya, nzuri machoni, na haikula bando. Ukibonyeza kitufe cha kutafuta mechi, saa inaanza kuhesabu, na ikifika sekunde 30 lobi inajaa ghafla: wachezaji tisa kwa mkupuo, kila mmoja na jina lake na picha yake. Nilishinda sana. Nilipanda ngazi hadi nikajiona mtu wa maana. Kisha binamu yangu aliye Arusha naye akaipakua, tukataka kukutana uwanjani bila kualikana, tuone kama gemu itatukutanisha. Tukapigiana simu, tukahesabu moja, mbili, tatu, tukabonyeza pamoja, eneo lile lile, aina ile ile ya mechi. Tulifanya hivyo mara kumi. Tulikutana mara mbili tu. Mara nane zilizobaki kila mmoja wetu alikuwa kwenye lobi yake "iliyojaa", na mimi naapa hakukuwa na mtu mwingine mle.

Ukishajua dalili za boti, yaani wachezaji wanaoendeshwa na programu, huwezi tena kutoziona. Watu tisa wa kweli hawaingii kwa mkupuo, huingia mmoja mmoja. Hakuna anayekatika mtandao katikati ya mechi, na sisi tunajua mtandao wetu. Adui anapita kona ile ile kila raundi, anasimama mahali pale pale, na ukimpiga kutoka nyuma anageuka baada ya muda ule ule kila mara. Ukimwomba urafiki baada ya mechi, ombi linabaki pale wiki nzima.

Lakini boti wenyewe hawakuniudhi sana kama kujua kwamba binamu yangu alikuwepo na gemu haikutukutanisha. Sababu yake ni hesabu tu. Tuseme gemu ina watu 40 jioni hiyo. Mechi inachukua dakika nane, mtu anapumzika mbili, kwa hiyo kila mtu anaingia kwenye foleni mara moja kila dakika kumi. Hao ni watu wanne kwa dakika, siyo haba. Sasa wagawe kwa aina tatu za mechi na maeneo mawili: foleni sita. Kila foleni inapata mtu mmoja kila sekunde 90 hivi. Na saa ya kusubiri imewekwa sekunde 30, kisha boti wanamwagwa. Maana yake wengi wanaondolewa kwenye foleni kabla mwenzao hajafika. Ongeza na kichujio cha kiwango, kwamba mtu wa ngazi ya juu haanzi kwa kukutanishwa na mgeni, ndipo unaelewa kwa nini hata sisi wawili tuliobonyeza pamoja tulikosana: mimi nilikuwa ngazi ya juu, yeye ndiyo kwanza anaanza. Kila mtu amefungiwa chumba chake na midoli, na watu 40 wanaamini gemu ina maelfu.

Ndiyo maana Xonotic ilinishika. Ni gemu ya bure, ya chanzo huria, iliyoanza mwaka 2010 ikitokana na gemu nyingine iitwayo Nexuiz, na toleo ninalotumia ni 0.8.6 la mwaka 2023. Haisakinishwi. Unapakua faili moja la zipu lenye ukubwa wa takriban gigabaiti moja, unalifungua, unacheza. Ukipakua mara moja unaweza kulihamishia wenzako kwa fleshi, bando lisiguswe tena.

Hapa hakuna foleni. Kuna orodha ya seva, na unachagua mwenyewe kwa macho. Mwanzoni niliona huo ni ushamba wa zamani. Sasa naona kwamba kwa gemu yenye watu wachache, orodha inashinda foleni, kwa sababu watu wanaona watu walipo na kuwafuata. Seva yenye wanne inavuta wa tano. Na kichujio kinachoficha seva tupu huhesabu watu, hakihesabu boti, hivyo seva yenye boti wanane na mtu sifuri haiwezi kujifanya ina sherehe. Boti naye anatambulika kwa jina: lina `[BOT]` mbele yake, kwenye ubao wa alama na kila anapokuua.

Kutokana na ile pingi ya 160 na zaidi, baada ya mwezi nilifungua seva yangu nyumbani kwenye laptopu ya zamani, kwa ajili yangu na vijana wa mtaani wanaokuja na mashine zao na kuunganisha kwenye rauta yangu. Hapo pingi ni chini ya 10. Sehemu ya boti kwenye faili la `server.cfg` ni mistari hii tu:

```
gametype ctf
minplayers_per_team 3
skill 4
bot_prefix "[BOT]"
```

Mstari wa pili ndio moyo wa kila kitu. `minplayers_per_team 3` haimaanishi "weka boti watatu kila timu". Inamaanisha kila timu wasipungue watatu, yaani sita uwanjani, na nafasi ambayo mtu hajaikalia ndiyo anapewa boti. Nikiingia peke yangu, wanaingia boti watano. Akija wa pili, boti mmoja anatoka papo hapo, mechi ikiendelea. Na hatolewi yeyote tu: seva inamwondoa kutoka timu yenye wengi, ili timu zisiegemee upande mmoja. Tukifika sita hakuna boti hata mmoja aliyebaki. Kama hakuna mtu kabisa, boti nao hawachezi, seva imetulia inasubiri.

Nieleze Ijumaa moja jinsi ilivyokwenda. Saa mbili usiku niko peke yangu kwenye ramani ya Implosion, kuteka bendera, watatu kwa watatu, mimi na boti watano. Nilikuwa napasha mkono tu. Saa mbili na robo anaingia jirani yangu, fundi simu, boti mmoja anaondoka. Kisha anaingia mdogo wake wa miaka 13. Sasa ni watu watatu na boti watatu, na hapo ndipo mechi ilipopata uhai, kwa sababu sisi watatu tulikuwa tunasakana wenyewe na boti walikuwa wanatujazia uwanja. Dogo akaangushwa na adui aliyetokea juu ya daraja, akapaza sauti, "Kaka, huyu ni mtu au boti?" Nikamwambia asome jina. Akasoma, akacheka, akasema, "Basi huyu namrudia." Dakika moja baadaye akamwangusha kwa kombora la Devastator. Kilichonifurahisha ni kwamba aliuliza na akapata jibu la kweli. Siku nyingine aliponiangusha mimi, alijua ameangusha mtu.

Kuhusu ukali wa boti, `skill` ndiyo namba ya kuchezea, na hapa nilikosea kwa wiki nzima. Kuna mpangilio unaoitwa `skill_auto` ambao unabadilisha ukali wenyewe kadiri mechi inavyokwenda. Nikauwasha nikidhani utawapatia wote mechi ya saizi yao. Kumbe unajipima kwa mchezaji bora aliyepo uwanjani. Fundi simu ana jicho kali sana na bunduki ya Vortex, boti wakapanda kumfuata yeye, na dogo akawa anakufa kila akizaliwa. Usiku ule aliondoka mapema, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nimeuzima, nikarudi `skill 4`, na siku ambazo ni watu wazima watupu napandisha hadi 6. Mkiwa wachache na viwango vinatofautiana, wapange boti kwa kumfikiria yule dhaifu zaidi. Wazoefu wataburudishana wenyewe.

Mapungufu yapo, na ni ya kweli. Boti hutembea kwa kufuata alama za njia zilizowekwa kwenye kila ramani. Ramani rasmi wanazimudu, lakini ramani iliyopakuliwa mahali pengine bila alama hizo inawafanya waduwae, wagonge kuta, wasubiri kuuawa. Ukiona boti wamejikusanya kona moja, usibadilishe ukali, badilisha ramani. Tena kwenye kuteka bendera boti hawapangi mambo na wewe: unakimbia na bendera, mwenzako boti anakimbilia silaha. Kwa hiyo hesabu ya watatu kwa watatu ni ya karatasi tu. Timu yenye watu wawili na boti mmoja huishinda yenye mtu mmoja na boti wawili karibu kila mara, na sisi hurekebisha kwa kumweka aliye bora zaidi upande wenye boti wengi.

Na kuna jambo boti hawawezi kulitibu. Jumatano usiku ninapoingia peke yangu, baada ya mechi mbili natoka. Boti hunipa mazoezi ya mkono, hawanipi sababu ya kukaa. Tofauti na ile gemu ya simu ni kwamba hapa najua kwamba sina mtu, na kwa kuwa najua, nampigia fundi simu kumuuliza kama yupo. Mara nyingi yupo, amemaliza kazi, anakuja na laptopu yake, na kwenye skrini yangu boti mmoja anaaga.

Kama una gemu ndogo na unataka kuwaweka watu, haya ndiyo ningekuomba kutokana na niliyoyaona: usigawe foleni zako, moja ikitosha iache moja, acha mechi ianze na boti mapema lakini mlango ubaki wazi ili mtu anayekuja dakika ya tatu achukue nafasi ya boti, na andika jina la boti kwamba ni boti. Ushindi dhidi yao usihesabike kwenye ngazi.

Kwa sasa `minplayers_per_team` yangu nimeipandisha kuwa 4, yaani wanane uwanjani, kwa sababu wiki iliyopita tulikuwa watu watano na binamu yangu anakuja likizo mwezi ujao na mashine yake.