Kutoa pesa Dar: njia nne, kuanzia ya bei nafuu hadi inayokumaliza

Kuna kitu ambacho karibu kila mtu hapa Dar anakinunua kila wiki bila kuuliza bei: kutoa pesa. Tukinunua nyanya tunapunguziwa mia mbili na tunafurahi. Kwa wakala tunaweka namba ya siri, tunapokea noti, na meseji ya makato hatuisomi.

Mimi nilianza kuzisoma Machi, jioni moja nikiwa barazani Mbagala. Niliziandika za mwezi mzima nyuma ya daftari la mwanangu. Mshahara wangu ni 480,000 na unaingia benki. Kila wiki nilikuwa nahamisha 50,000 kutoka benki kwenda kwenye simu mara mbili, kwa hiyo mara nane kwa mwezi, na kila safari benki ilikata 1,770. Hiyo ni 14,160. Pesa ikishafika kwenye simu naenda kwa wakala, natoa ishirini na kitu elfu kila hali ikibana. Nilikuta nimetoa mara 12, na kila mara nimekatwa 1,800. Hiyo ni 21,600. Ukiongeza 2,000 ya kuendesha akaunti, jumla inakuwa 37,760 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 453,120.

Yaani miezi kumi na miwili nafanya kazi, karibu mshahara wa mmoja unaishia kwenye makato. Na akiba niliyokuwa najisifia nayo ilikuwa kama 60,000 kwa mwezi.

Hizo ni bei nilizokatwa mimi, kwenye benki yangu na mtandao wangu. Zako zitatofautiana kidogo, na hubadilika. Ila zote zimejengwa kwa namna moja, na ukiielewa hiyo namna, kupanga njia kunakuwa rahisi.

Bei inavyojengwa

Makato ya kutoa hayapandi shilingi kwa shilingi. Yamepangwa kwa ngazi. Kwenye mtandao wangu, 100,000 na 190,000 ziko ngazi moja, kwa hiyo zinakatwa sawa. Anayetoa 100,000 analipia ngazi nzima halafu anaitumia nusu.

Jambo la pili ni kwamba ngazi za chini ndizo ghali. Nikitoa 10,000 nilikuwa nakatwa kama 1,400, yaani shilingi 14 katika kila mia. Nikitoa 100,000 nakatwa kama 3,600, ambayo haifiki hata shilingi nne katika kila mia. Anayetoa kidogo kidogo kwa sababu hana nyingi ndiye anayelipa zaidi. Inaudhi, lakini ndivyo jedwali lilivyo.

Ndani ya makato hayo kuna kodi pia. Ada za benki na za simu zina VAT ya asilimia 18. Ile 1,770 yangu ni 1,500 ya benki, na 270 ni VAT. Halafu kuna tozo ya Serikali kwenye miamala, ile iliyoanza Julai 2021 na kuzua kelele mji mzima. Mwanzoni ilikuwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, kisha ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi Septemba mwaka huohuo. Mwaka 2023 iliondolewa kwenye kutuma, kwenye kutoa ikabaki. Kwa hiyo pesa ikitembea kutoka simu hadi simu hali ni afadhali. Inapogeuka kuwa noti ndipo mlango una walinzi wawili.

Ya kwanza: usitoe, lipa

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni pesa kubaki kwenye simu au benki na kulipa moja kwa moja. LUKU, maji, ada ya shule, king'amuzi, vocha: hivyo vyote havina sababu ya kupita kwa wakala kwanza. Dukani tumia lipa namba. Kabla hujaweka namba ya siri, soma kiasi kinachoonyeshwa, kwa sababu kulipa kwenye lipa namba ya mtandao mwingine si lazima iwe bei sawa na ya mtandao wako.

Tatizo la lipa namba si simu, ni mwenye duka. Yeye naye ana makato yake upande wa pili, kwa hiyo wengine bango limebandikwa ukutani lakini ukifika unaambiwa, "Hiyo inasumbua bosi, tuma kwenye namba yangu, na uweke na ya kutolea." Hapo piga hesabu papo hapo. Unalipa ada ya kutuma, halafu unamlipia na yeye ada ya kutoa. Kwa unga na mafuta ya 20,000 nimeshawahi kuombwa niongeze 1,800. Nilivuka barabara nikanunua kwa jirani yake, na siku hizi mimi na huyo jirani tumezoeana.

Mpaka wa njia hii unajulikana. Konda wa daladala, mama ntilie na muuza mchicha wanataka noti. Hata mimi, nikijibana vizuri, kama 300,000 kwa mwezi lazima iwe taslimu. Swali linalobaki ni hizo 300,000 zitoke wapi.

Ya pili: ATM ya benki yako mwenyewe, mara mbili kwa mwezi

Kama mshahara uko benki, zitoke benki. Natoa 150,000 mwisho wa mwezi na 150,000 katikati. Kwenye ATM ya benki yangu nakatwa 1,770 kila mara, yaani 3,540 kwa mwezi, badala ya kuhangaika na wakala mara 12. Halafu nahamisha 80,000 mara moja kwenda kwenye simu kwa ajili ya LUKU, vocha na lipa namba. Hiyo inakatwa 2,360. Ukiweka na ile 2,000 ya akaunti, jumla ni 7,900 kwa mwezi, au 94,800 kwa mwaka. Tofauti na nilikotoka ni 358,320.

Angalia jambo moja: nimeandika ATM ya benki yako. Mashine ya benki nyingine itakupa pesa vizuri tu, lakini ada yake huwa juu zaidi, na kwenye foleni ya tarehe 30 watu wengi huikimbilia iliyo wazi bila kutazama nembo. Kama ATM iko mbali, linganisha na wakala wa benki wa mtaani. Ada yake nayo huenda kwa ngazi, kwa hiyo kwa kiasi kikubwa inaweza kuipita ya ATM.

Kasoro ya njia hii ni noti zenyewe. Ukiwa na 150,000 mfukoni ndani ya basi la Mbagala unashika mfuko safari nzima, na pesa iliyoko nyumbani ina wapwa wengi. Mimi natoa siku isiyo na msongamano, na nusu anakaa nayo mama watoto. Kama unajijua noti hazikai kwako, toa mara tatu. Utalipa 1,770 zaidi, na hilo bado ni nafuu.

Ya tatu: wakala wa simu, ngazi ikiwa imejaa

Kwa anayelipwa kwenye simu, kama fundi, dereva wa bodaboda au mwenye saluni, benki haiko njiani. Kupitishia pesa benki ili tu itolewe kwenye ATM ni kuongeza ada nyingine. Bora kwa wakala, ila utoe ngazi ikiwa imejaa. Fungua jedwali la makato kwenye menyu au programu ya mtandao wako, tafuta ngazi yako inaishia wapi, na utoe karibu na mwisho wake. Ukitaka 100,000, jiulize kama 99,000 inatosha, maana inaweza kukushusha ngazi nzima. Kama haitoshi, afadhali ungoje mpaka ufikishe 180,000 au 190,000 utoe mara moja.

Hapa kuna mchezo mmoja wa kuujua. Unafika kwa wakala unataka 100,000, anakuambia, "Kaka, toa hamsini hamsini, mara mbili." Kamisheni yake inahesabiwa kwa muamala, kwa hiyo miwili inaweza kumlipa zaidi ya mmoja. Wakati mwingine kweli noti zimemwishia na anasubiri mteja wa kuweka. Vyovyote iwavyo, anayelipia ni wewe. Kwangu 50,000 ilikuwa inakatwa 2,700, kwa hiyo mbili ni 5,400 badala ya 3,600. Nenda banda la pili. Na kuweka pesa kwenye simu mteja halipi kitu, kwa hiyo anayekuambia "ongeza mia tano ya kuwekea" hiyo ni yake binafsi.

Ya nne: benki, simu, kisha wakala

Hii ndiyo niliyokuwa naitumia mimi. Pesa ileile inalipa ada ya kutoka benki, kisha ada ya kutoka kwenye simu, kisha tozo. Kwa 25,000 moja nilikuwa nalipa nusu ya 1,770 na 1,800 nzima, jumla 2,685. Hiyo ni zaidi ya shilingi kumi katika kila mia. Ibakize kwa dharura ya saa tano usiku.

Akaunti ya akiba isile akiba

Akiba usiichanganye na akaunti ya mshahara. Benki nyingi zina akaunti ya akiba isiyo na ada ya mwezi, kwa sharti kwamba usitoe mara kwa mara. Ukifika dirishani uliza mambo matatu tu: ada ya mwezi, ada ya kutoa, na ada ya meseji za taarifa. Akaunti yenye 60,000 inayokatwa 2,000 kila mwezi itakuwa imeliwa 24,000 kwa mwaka, na riba haitaifidia. Kwa pesa usiyoigusa miezi kadhaa, kuna mfuko wa uwekezaji wa pamoja uitwao Mfuko wa Ukwasi, wa UTT AMIS, ambao hautozi ada ya kuingia wala kutoka. Ila pesa haitoki papo kwa hapo, husubiri siku chache za kazi, kwa hiyo usiweke humo ya hospitali.

Januari ndiyo mwezi wa kuangalia zaidi, kwa sababu ada za shule ni kiasi kikubwa kwa mkupuo. Chukua namba ya akaunti ya shule na uhamishe kutoka benki yako, au kaweke taslimu kwa wakala wa benki ya shule. Usiitoe kwenye simu ndiyo ukaipeleke.

Kila miezi mitatu narudia hesabu ya daftari. Taarifa ya akaunti naiangalia kwenye simu. Mara ya kwanza niliomba dirishani wanichapie, nikaja kukuta kwenye taarifa iliyofuata kwamba karatasi zile nazo nilikatwa.