Uzoefu wangu: pochi ya simu ilipokataa kupokea pesa, na nilivyoipandisha ngazi

Nimetumia pochi hii ya simu mwaka mmoja na nusu nikijua kikomo kimoja tu, kile cha kutuma kwa siku. Ndiyo maana mteja wangu aliponiambia malipo yangu yamemrudia, nilidhani kakosea namba. Akanitumia picha ya ujumbe alioupata: muamala umeshindikana, akaunti ya mpokeaji haiwezi kupokea kiasi hiki. Kwangu mimi hakukuwa na taarifa yoyote. Kwa hilo pekee naipunguzia huduma hii nyota mbili kati ya tano, maana mwenye akaunti ndiye anayehitaji kujua kwanza.

Nitatumia namba ndogo kueleza, kwa kuwa viwango hutofautiana baina ya huduma na huduma. Akaunti yangu ilikuwa ngazi ya kwanza, ile unayofungua kwa namba ya simu, jina na tarehe ya kuzaliwa. Chukulia kwamba salio la juu kwa ngazi hiyo ni 100. Siku ile nilikuwa na 60 ndani, na mteja alituma 55. Jumla ingekuwa 115, basi mfumo ukakataa zote 55. Haukupokea 40 na kurudisha 15 kama nilivyotegemea. Muamala huingia mzima au hauingii kabisa.

Hapo ndipo nilipoelewa kuwa vikomo ni vitatu na kila kimoja kinahesabiwa peke yake. Kipo cha muamala mmoja, kipo cha jumla ya miamala kwa siku au kwa mwezi, na kipo cha salio, yaani kiasi ambacho pesa iliyolala ndani haiwezi kukizidi. Viwili vya kwanza utavigundua haraka kwa sababu vinakuzuia wewe unapotuma. Cha salio kimejificha, kwa kuwa anayezuiwa ni mtu mwingine, mbali, anayejaribu kukulipa. Ukisikia pesa imerudi kwa mtumaji na namba ni sahihi, anza kwa kujumlisha salio lako na kiasi alichotuma.

Kwa haraka nilijinasua kwa kutoa 20. Salio likashuka hadi 40, mteja akatuma tena zile 55, nikawa na 95. Lakini nilijua malipo yajayo yatagonga ukuta uleule, nami nisingependa kumsumbua mtu anayenilipa kwa wakati.

Sababu ya kikomo hiki si ubahili wa kampuni. FATF, chombo cha kimataifa kinachoweka viwango vya kupambana na utakatishaji wa fedha, kinaruhusu mteja ahakikiwe kwa wepesi pale ambapo hatari ni ndogo. Akaunti ambayo mwenyewe hajathibitishwa kwa kitambulisho huwekewa dari ya chini ili hatari iendelee kuwa ndogo: hata ikifunguliwa kwa jina la uongo, kiasi kinachoweza kupita au kulala humo si kikubwa. Ukijitambulisha zaidi, dari inainuliwa. Naona ni mpango wa haki, kwa sababu asiye na hati nyingi naye anapata pa kuanzia.

Kupandisha kwenda ngazi ya pili kulifanyika ndani ya programu yenyewe. Nilifungua sehemu ya wasifu, nikagusa vikomo vya akaunti, nikaombwa picha ya kitambulisho pande zote mbili, kisha picha ya uso wangu huku nikigeuza kichwa kushoto na kulia. Kugeuza huko ni kuthibitisha kwamba aliye mbele ya kamera ni mtu hai, si picha iliyoshikwa.

Nilikataliwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa picha. Taa ya dari iling'aa juu ya plastiki ya kadi na kufuta tarakimu mbili za mwisho. Nilirudia mchana, kadi ikiwa juu ya meza nyeusi karibu na dirisha, bila mweko wa kamera, pembe zote nne zikionekana. Ikakubalika. Mara ya pili lilikuwa jina, na hapa ndipo wengi watakwama. Kitambulisho changu kina majina matatu, na nilipofungua akaunti niliandika mawili. Mtu ataona ni yuleyule, lakini mfumo unalinganisha herufi kwa herufi. Nilijaribu kulibadilisha mwenyewe, nikakuta sehemu ya jina imefungwa. Ilinibidi niandikie huduma kwa wateja na kuambatisha kitambulisho. Walirekebisha kesho yake, nikatuma maombi upya, na jibu likaja baada ya saa chache. Kwa hiyo kabla hujapiga picha yoyote, soma jina lililo kwenye wasifu na lililo kwenye kadi, pamoja na mpangilio wake. Angalia pia tarehe ya mwisho ya kadi. Iliyokwisha muda haipokelewi.

Salio la juu lilipanda kutoka 100 hadi 500, na kutuma kwa siku kutoka 40 hadi 200. Pesa nyingine ilipoingia, nikataka kutuma 180 siku ileile, ikakataa. Sikuelewa mpaka nilipofungua orodha ya miamala: asubuhi yake, nikiwa bado ngazi ya kwanza, nilikuwa nimetuma 35. Kupanda ngazi kunainua dari, lakini hakufuti ulichokwisha tumia. Kwa siku ile nilibakiwa na 165. Huduma hii huanza hesabu mpya saa sita usiku. Nyingine huhesabu saa 24 kurudi nyuma kutoka dakika uliyopo, na huko ukituma jioni, itakubidi ungoje hadi jioni ya pili. Inafaa kujua yako ni ipi kabla ya kumwahidi mtu pesa.

Ngazi ya tatu ipo. Wanataka uthibitisho wa makazi, kama bili au taarifa ya benki isiyozidi miezi 3 yenye jina na anwani yangu, pamoja na maelezo ya chanzo cha mapato. Sijaiomba. Malipo yangu makubwa hayafiki hata nusu ya dari niliyonayo, na sioni haja ya kukabidhi hati ambazo matumizi yangu hayazihitaji. Anayeendesha biashara na kupokea kutoka kwa watu wengi kila siku, huyo aiwahi, kwani kikomo cha jumla ya mwezi kitamfikia mapema kuliko cha salio.

Wiki iliyofuata nilimtumia dada yangu 120 kwa ajili ya kazi tunayoifanya pamoja. Kwangu kila kitu kilikuwa sawa: ngazi ya pili, salio la kutosha, siku haijaguswa. Pesa ikarudi, na ujumbe ulikuwa uleule alioupata mteja wangu. Dada yuko ngazi ya kwanza, na 120 haziwezi kuingia kwenye dari ya 100 hata pochi yake ikiwa tupu. Nilimtumia 70, akazitoa, kisha nikamalizia 50. Jioni tulikaa naye karibu na dirisha, kadi yake mezani, tukianza kwa kulinganisha majina.